Jinsi ya kusoma ukurasa wa bei ya hisa: Volume kwanza, rangi ya kijani baadaye

Mtu wa Mafinga aliyeuza mbao, au mkulima wa Tukuyu aliyepokea bonasi ya chai, akitaka kuweka sehemu ya fedha zake kwenye hisa hukutana kwanza na ukurasa mmoja wenye namba nane au tisa. Jicho hukimbilia namba kubwa ya juu, ile iliyopakwa rangi. Ikiwa kijani anaona hisa inapanda, ikiwa nyekundu anaona inashuka, na mara nyingi uamuzi unafanyika hapo hapo.

Tunashauri usome kwa mpangilio mwingine. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, kaunta chache, yaani hisa za kampuni moja moja, zinachangamka kila siku, na nyingine nyingi hupata biashara haba. Kuna siku kaunta nzima huuza hisa mia mbili tu, na kuna siku haiuzi hata moja. Kwenye kaunta ya namna hiyo, bei ya mwisho inaweza kuwa imewekwa na mtu mmoja mwenye haraka, na ndiyo namba yenye ushahidi mdogo kuliko zote zilizo kwenye ukurasa. Kaunta hizo ndizo tutakazozishughulikia hapa, kwa kuwa ndizo zinazowachanganya wasomaji.

Kwanza hakikisha unasoma hisa uliyoikusudia

Kila kampuni sokoni ina alama fupi ya herufi: CRDB, NMB, TBL, VODA, MUCOBA kwa ile benki ya wananchi wa Mufindi iliyoorodheshwa mwaka 2016, na TOL kwa TOL Gases, kampuni ya kwanza kabisa kuorodheshwa Dar es Salaam, ambayo huvuna gesi ya kabonidayoksaidi huko Rungwe. Alama hizi si za dunia nzima. Ukiandika TOL kwenye tovuti ya kigeni utaletewa Toll Brothers, kampuni ya Marekani inayojenga nyumba na kuuza hisa zake New York. Kila kitu kitaonekana sawa, namba zitajaa, chati itachorwa, lakini bei itakuwa ya dola na kampuni si yako. Kwa hiyo tazama mambo mawili kabla ya yote: jina kamili la kampuni, na sarafu. Kama hakuna TZS au neno Dar es Salaam karibu na jina, ondoka.

Kisha tafuta tarehe na saa. Kurasa nyingi huonyesha bei iliyochelewa dakika 15 au 20, na nyingine huonyesha bei ya kufunga ya jana hadi soko la leo lifungwe. Zipo pia zinazoandika saa kwa UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Hivyo 07:00 UTC ni 10:00 kwetu, yaani saa nne asubuhi. Usipoligundua hilo unaweza kudhani unatazama bei ya alfajiri, wakati soko lilikuwa limefungwa.

Ukikuta tarehe ya wiki tatu zilizopita, usikimbilie kudhani ukurasa umeharibika. Kwa kawaida maana yake ni kwamba tangu siku ile hakuna aliyeuza wala kununua, na bei unayoiona ni ya siku ile.

Ukurasa tutakaoutumia

Ili namba zisitupotoshe kwa kampuni yoyote ya kweli, tuchukue kampuni ya kubuni, alama yake MFANO. Soko limefungwa, na skrini inaonyesha hivi:

```
MFANO (TZS)
Last            460
Change          +20 (+4.55%)
Prev Close      440
Open            445
High            460
Low             430
Volume          2,600
Turnover        1,131,500
52 Week Range   310 - 520
```

Mstari wa Change ni wa kijani. Msomaji wetu wa Mafinga ana shilingi 1,300,000, na anaona hisa imepanda karibu asilimia tano kwa siku moja. Tusimame hapo kwanza, twende chini kwenye Volume.

Volume: ni hisa ngapi zilizoleta bei hii?

Volume ni idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Si shilingi, wala si idadi ya watu. Kila hisa huhesabiwa mara moja, ingawa imepita kwa muuzaji na mnunuzi, kwa hiyo 2,600 ni hisa 2,600 zilizotoka kwa upande mmoja kwenda mwingine.

Namba hii peke yake haisemi kama ni kubwa au ndogo. Inahitaji kulinganishwa na kawaida ya kaunta yenyewe. Fungua historia ya bei ya hisa hiyo, jumlisha Volume ya siku 20 za biashara zilizopita, gawanya kwa 20, na siku zenye sifuri zihesabu pia. Kosa la kawaida ni kuziruka siku tupu, na hapo wastani unapanda kwa uongo. Tuseme jumla ya MFANO kwa siku 20 ni hisa 62,000. Wastani ni 3,100 kwa siku. Basi 2,600 ni siku ya kawaida iliyopungukiwa kidogo. Hakuna umati uliokuja kuigombania hisa hii leo, na hilo tayari linapunguza uzito wa ile kijani.

Wazo hili wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, wanalijua bila kufundishwa. Mtu akikuambia gunia la viazi limepanda, utamuuliza yameuzwa magunia mangapi kwa bei hiyo. Gunia moja lililonunuliwa jioni na mwenye hoteli aliyeishiwa halibadilishi bei ya soko. Malori matatu yaliyoondoka kwa bei hiyo yanaibadilisha.

Upande wa pili kuna siku ambapo Volume huruka kutoka 3,100 hadi 800,000. Usikimbilie kusema kuna habari kubwa. Mara nyingi wenye hisa wawili wakubwa, kwa mfano mfuko wa pensheni na mwekezaji wa taasisi, wamekubaliana kando na kupitisha mauziano yao sokoni kwa mkupuo. Dalili yake ni kwamba Volume ni kubwa mno lakini High na Low hazikusogea. Kama watu wengi ndio waliokuwa wakigombania, bei ingetikisika. Siku kama hiyo iondoe kwenye hesabu yako ya wastani, la sivyo utadhani kaunta ina wanunuzi wengi na siku ya kuuza hutawaona.

Gawanya Turnover kwa Volume

Turnover ni thamani ya mauzo yote ya siku kwa shilingi. Wasomaji wapya huichanganya na Volume, hasa kwenye hisa ya bei ndogo ambako namba zote mbili zina tarakimu nyingi. Ukiigawa Turnover kwa Volume unapata wastani wa bei ambayo kila hisa iliuzwa siku hiyo, na hesabu hiyo ya sekunde kumi kwenye simu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote katika ukurasa huu.

```
1,131,500 / 2,600 = 435.19
```

Wastani wa siku ni shilingi 435. Lakini Prev Close ilikuwa 440, na Last inasema 460. Yaani kwa ujumla hisa za leo zimeuzwa chini ya bei ya jana, huku ukurasa ukiwa wa kijani na kutangaza ongezeko la asilimia 4.55.

Inawezekanaje? Tuifungue siku yenyewe. Asubuhi ziliuzwa hisa 500 kwa 445, ambazo ni shilingi 222,500. Katikati ya siku alikuja muuzaji mwenye hisa 1,900. Wanunuzi waliokuwepo walikuwa wakitoa 430 tu, naye akakubali, ikawa 817,000. Muda mfupi kabla ya kufunga, mtu mmoja alichukua hisa 200 zilizokuwa zimewekwa kwa 460, ikawa 92,000. Jumla ni hisa 2,600 na shilingi 1,131,500. Karibu robo tatu ya biashara ya siku ilifanyika kwa 430, lakini hisa 200 za mwisho ndizo zilizoupa ukurasa rangi yake.

Ukurasa haujadanganya. Last ni bei ya biashara ya mwisho, basi. Tatizo liko kwa msomaji anayeifanya bei ya biashara ya mwisho kuwa thamani ya hisa zote.

Baadhi ya kurasa hazionyeshi Turnover. Hapo usijaribu kukisia kwa kuchukua katikati ya High na Low. Kwa MFANO katikati ni 445, tofauti ya shilingi kumi na ukweli, na ingekupa jibu kwamba siku ilikuwa ya kupanda. Tafuta badala yake taarifa ya soko ya siku, ambayo soko lenyewe na madalali huitoa baada ya kufunga. Humo utakuta hisa zilizouzwa na thamani yake kwa kila kampuni.

Prev Close: jana ni lini, na ilihesabiwaje

Prev Close ni bei ya kufunga ya siku ya biashara iliyotangulia. Change hupimwa kutoka hapo, haipimwi kutoka Open. Hili huwakwaza wengi: hisa ikifungua kwa 445 na kuishia 442, mtu atasema imeshuka, ilhali ukurasa utaonyesha +2 kwa sababu unahesabu kutoka 440.

Neno jana lenyewe lina mtego. Jumatatu, jana ya soko ni Ijumaa. Siku inayofuata Nane Nane, wakati watu wanafungasha mabanda viwanja vya John Mwakangale, Prev Close ni ya kabla ya sikukuu. Na kaunta ambayo haikupata biashara kwa wiki tatu ina Prev Close ya wiki tatu. Mabadiliko ya asilimia sita juu ya bei ya zamani kiasi hicho ni kama kupima leo kimo cha mtoto kwa alama uliyoichora ukutani Krismasi, kisha useme amekua yote usiku mmoja.

Kisha kuna swali la jinsi bei ya kufunga inavyopatikana, na hapa kurasa mbili zinaweza kukupa majibu mawili kuhusu hisa moja bila yeyote kukosea. Njia moja ni kuchukua bei ya biashara ya mwisho. Nyingine ni kuchukua wastani uliopimwa kwa wingi, yaani ile hesabu tuliyofanya hapo juu. Kwa njia ya kwanza MFANO imefunga 460 na imepanda asilimia 4.55. Kwa njia ya pili imefunga 435 na imeshuka 5, yaani asilimia 1.14. Ukikuta asubuhi inayofuata Prev Close imeandikwa 435 wakati wewe uliona 460 jana, usidhani kuna mtu amechezea namba. Ukurasa wa jana ulikuonyesha biashara ya mwisho, na wa leo unaanzia kwenye bei rasmi ya kufunga. Unapofuatilia hisa kwa miezi, chagua chanzo kimoja ubaki nacho. Ukichanganya vyanzo viwili kwenye daftari moja utajitengenezea kupanda na kushuka ambako hakukutokea.

Jambo la mwisho hapa ni gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa. Kampuni ikitangaza gawio huweka tarehe, na anayenunua baada ya hapo hapati gawio hilo. Siku ya kwanza ya kuuzwa bila gawio, bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Tuseme MFANO imetangaza shilingi 30 kwa hisa. Prev Close 440, Open 410, na Change inaonyesha -30, asilimia -6.82, nyekundu. Aliyekuwa na hisa tangu awali hajapoteza. Ana hisa ya 410 na haki ya kulipwa 30, kabla ya kodi. Lakini anayeona nyekundu bila kusoma tangazo la gawio atauza kwa woga, au atanunua akidhani amepata bei ya kutupa. Kila unapoona hisa ya kawaida imeshuka ghafla mwanzoni mwa siku, tafuta tangazo la gawio kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Open

Open ni bei ya biashara ya kwanza ya siku, na faida yake kwenye kaunta yenye biashara haba ni ndogo. Inakuambia tu kama siku ilianza juu au chini ya Prev Close. Angalizo moja: siku isiyo na biashara, kurasa nyingine huweka sifuri, nyingine kistari, na nyingine hurudia Prev Close kwenye Open, High na Low. Hii ya tatu ndiyo mbaya, maana inafanana na siku tulivu ambayo bei haikuyumba. Ukiona namba nne zinalingana, rudi kwenye Volume. Ikiwa sifuri, hapakuwa na utulivu wowote. Hapakuwa na soko.

High na Low: upana unasema nini

High na Low ni bei ya juu na ya chini kabisa zilizofikiwa siku hiyo. Kwenye MFANO upana ni shilingi 30, karibu asilimia 6.8 ya Prev Close. Kwa hisa inayouzwa kwa malaki kila siku, upana huo ungekuwa dalili kwamba kuna habari imeingia sokoni. Kwa hisa iliyouza 2,600, maana ni nyingine kabisa.

Angalia sehemu ya maagizo, ambayo kurasa nyingi huiweka chini kwa majina Bid na Offer. Bid ni bei ya juu ambayo mnunuzi aliyepo foleni yuko tayari kulipa. Offer ni bei ya chini ambayo muuzaji aliyepo yuko tayari kupokea. Kwenye MFANO, wanunuzi walisimama 430 na muuzaji 460. Kwa hiyo anayekuja kuuza kwa haraka anapata 430, anayekuja kununua kwa haraka analipa 460, na High na Low za siku zinakuwa ni ukubwa wa pengo hilo tu. Thamani ya kampuni haikusogea hata kidogo kati ya saa sita na saa tisa. Waliobadilika ni watu waliokuja dirishani.

Pengo hilo lina gharama unayoweza kuihesabu. Ukinunua kwa 460 na kesho ukalazimika kuuza kwa 430, umepoteza 30 juu ya 460, yaani asilimia 6.5, kabla hujalipa ada ya dalali mara mbili, wakati wa kununua na wakati wa kuuza. Kama Bid na Offer havionyeshwi, tumia upana wa High na Low wa siku kumi zilizopita kama kipimo cha kukisia. Ukiona siku nyingi upana ni mkubwa na Volume ni ndogo, chukulia kwamba pengo ni la kudumu, na usiiguse kaunta hiyo kwa fedha unayoihitaji kabla ya mwaka kwisha.

Wiki 52: namba mbili zinazohitaji kuhojiwa

52 Week Range ni bei ya chini na ya juu kabisa kwa mwaka mmoja uliopita. Watu huitumia kupima kama hisa iko ghali au rahisi. Kipimo chenyewe ni chepesi: toa bei ya chini kutoka bei ya leo, gawanya kwa upana wote. Tutumie 435, si 460, kwa sababu tulizokwisha kueleza.

```
(435 - 310) / (520 - 310) = 125 / 210 = 59.5%
```

Hisa iko asilimia 60 hivi ya njia kutoka chini kwenda juu. Sasa ihoji 520. Fungua historia, tafuta siku hiyo, na utazame Volume yake. Tuseme unakuta siku ile ziliuzwa hisa 40 tu, na ukiiondoa siku hiyo bei ya juu inayofuata ni 475, iliyofikiwa kwa hisa elfu kadhaa. Upana wenye maana ni 310 hadi 475, na hesabu inakuwa 125 gawanya kwa 165, karibu asilimia 76. Hisa iliyoonekana kuwa katikati sasa iko robo ya juu ya mwaka wake. Hisa 40 za mtu mmoja zilitosha kuupotosha ukurasa kwa mwaka mzima.

Fahamu pia kwamba dirisha la wiki 52 hutembea. Kila siku mpya inaingia, siku moja ya zamani inatoka. Ikiwa 310 ilitokea wiki 52 zilizopita kamili, kesho itaondoka na upande wa chini unaweza kuruka hadi 360 bila hisa hata moja kuuzwa. Ukiona namba ya chini imepanda, angalia kama ni dirisha lililotembea kabla hujafurahi.

Kurasa mbili zikitofautiana hapa, moja ikisema 520 na nyingine 505, sababu ya kawaida ni kwamba ya kwanza imehesabu bei zote zilizofikiwa ndani ya siku, na ya pili imehesabu bei za kufunga tu. Kwa kaunta yenye biashara haba ninaiamini zaidi ile ya bei za kufunga, hasa pale bei ya kufunga inapokuwa wastani uliopimwa kwa wingi.

Kosa kubwa zaidi hutokea kampuni inapogawanya hisa zake. Hisa moja ya 900 ikigawanywa kuwa mbili, kila moja inakuwa ya 450, na mwenye hisa 100 sasa ana 200. Hakuna aliyepata wala kupoteza. Lakini ukurasa usiorekebisha historia utaendelea kuonyesha wiki 52 za 430 hadi 940, na msomaji ataona hisa imeanguka nusu, akadhani ni nafasi ya dhahabu. Dalili ni mporomoko wa ghafla kwenye chati: bei inakatika kwa siku moja hadi nusu, theluthi au robo kamili, na siku zinazofuata inaendelea kwa utulivu pale chini. Linganisha idadi ya hisa zilizotolewa na kampuni kabla na baada. Ikiwa imeongezeka kwa uwiano ule ule, zigawe bei zote za zamani kwa uwiano huo, kisha ndipo upime upya.

Kutoka ukurasani hadi kwenye agizo

Turudi kwa msomaji wa Mafinga mwenye 1,300,000. Tuseme ametenga 40,000 kwa ada, baada ya kumuuliza dalali jumla yake, na amebaki na 1,260,000 za kununulia. Kwa bei ya 440 hizo ni hisa zaidi kidogo ya 2,860. Siku nzima ya MFANO iliuza 2,600. Agizo lake moja ni kubwa kuliko soko lote la siku.

Tuone kinachotokea akimwambia dalali anunue kwa bei yoyote iliyopo. Foleni ya wauzaji ina hisa 200 kwa 460, 600 kwa 470 na 2,000 kwa 490. Atachukua 200 za kwanza kwa 92,000, kisha 600 kwa 282,000, na fedha iliyobaki, 886,000, itamnunulia hisa 1,808 za 490. Amepata hisa 2,608 kwa wastani wa shilingi 483, karibu asilimia kumi juu ya ile Prev Close ya 440. Kama kikomo ambacho soko huwekea mabadiliko ya bei ya siku hakikumzuia, ukurasa wa siku hiyo utaonyesha High ya 490 na kijani kilichokolea, na mtu mwingine huko Njombe ataitazama aseme hisa hii inakimbia. Aliyeikimbiza ni mnunuzi mmoja.

Njia iliyo bora ni agizo lenye kikomo cha bei, lililogawanywa kwa siku kadhaa. Kanuni ya kukadiria ni kutochukua zaidi ya moja ya tano ya wastani wa siku. Wastani ni 3,100, moja ya tano ni 620. Akinunua hisa 570 kwa siku kwa kikomo cha 440, atahitaji siku tano za biashara kufikisha hisa 2,850 kwa shilingi zisizozidi 1,254,000. Siku nyingine hatapata kitu, kwa sababu hakuna atakayeshuka hadi 440. Hilo si hitilafu, ndiyo kazi ya kikomo. Zikipita siku kumi bila hisa hata moja, ndipo afungue tena Turnover na Volume za siku hizo, apate wastani mpya, aamue kama bei ya kweli imehama au ni yeye anayebana mno.

Na ahesabu mlango wa kutokea kabla hajaingia. Siku tano za kununua ni siku tano pia za kuuza, pengine zaidi sokoni pakiwa baridi, kisha ziongezwe siku za kazi za kukamilisha malipo ambazo dalali atamtajia. Kama fedha hii ni ya ada ya shule ya Januari, agizo la kuuza liwe limeingia mwanzoni mwa Desemba, kwa kuwa wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya Volume ya kaunta kama hizi inaweza kuwa sifuri siku baada ya siku.

Dalali akishanunua atakutumia hati ya mauziano yenye tarehe, idadi ya hisa, bei na ada. Iweke kando ya ukurasa wa siku ile ile. Bei uliyolipa lazima iwe kati ya Low na High, na idadi yako lazima iwe ndani ya Volume. Ikiwa umeandikiwa 445 siku ambayo High ilikuwa 440, mpigie dalali siku hiyo hiyo, ukiwa na picha ya ukurasa mkononi.